Ufunguo wa Kagoma

Mimi shule niliiona kwa nje, nilipokuwa napeleka ndizi kwa masista. Ndani sikuingia. Lakini sauti ya mtu nikiisikia mara moja, ninayo. Naweza kukaa hapa nikamleta padri, nikamleta muuza samaki, nikamleta marehemu mume wangu akiomba chakula, na wewe ukageuka kumtafuta mlangoni. Watu wa Kanazi walikuwa wananialika kwenye misiba siku ya kuondoa matanga, kusudi niwaigizie marehemu. Wengine walilia. Wengi walicheka.

Kwa hiyo haya ya kampuni nitayasema kwa sauti za wenyewe. Wakikasirika wakasirike.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa na kampuni ya vanila. Ofisi ilikuwa Rwamishenye, nyumba ya vyumba vinne. Viwili vya mbele vilikuwa kampuni, viwili vya nyuma alilala yeye na mke wake. Na mimi nilikuwa huko nyuma, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imevimba na hospitali iko mjini. Kazi yangu ilikuwa kukaa, kumenya ndizi na kusema watu. Chai ya ofisi niliipika mimi, si kwa kutumwa, ila ukipeleka chai unasikia mengi.

Mpwa wangu anaongea kidevu kikiwa juu, kama mtu anayenyolewa. "Shangazi, sisi tunauza nje. Nje, shangazi." Vanila ilikuwa inanunuliwa kwa wakulima wa Muleba, inakaushwa Kagoma, halafu inapanda ndege. Aliyesimamia Kagoma ni mwenzake, mwanamume mnene, Mlutheri, mpole, anayeongea kama ana kiazi cha moto mdomoni na anaogopa kukitema mbele za watu. "Aah, waitu, shangazi, aah, kampile waitu." Mpaka amalize kunisalimu hivyo kwa Kihaya, chai imepoa.

Hawa wawili walikunywa omukago. Vijana wa siku hizi hawajui, basi nieleze. Buni moja ya kahawa ukiivunja unakuta punje mbili zimelala ndani pamoja. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja, kila mmoja anatafuna punje yake, zamani na damu kidogo, hawa wa kwetu bila damu kwa sababu mmoja ana sukari na mwingine anaogopa wembe. Lakini walitafuna, mbele ya wazee, Kanazi, kwenye kibanja cha kaka yangu. Mtu wa omukago humfichi kitu, na humuulizi kitu. Ukimuuliza "kiko wapi" umemwita mwizi. Hiyo ndiyo sheria, na wale wawili waliishika kama chupa ya divai ya misa.

Sasa mnunuzi mmoja wa nje alianza kuwalipa kwa ile pesa ya kwenye kompyuta. Mimi niliuliza inafananaje. Mpwa wangu akanionyesha simu, nikaona namba. Nikamwambia hata namba ya nyumba ni namba. Akanieleza kwa kidevu chake: ile pesa haimo kwenye simu, haimo kwenye benki, imeandikwa kwenye daftari la dunia nzima ambalo kila mtu analiona na hakuna anayeweza kulifuta. Kinachokufanya wewe uwe mwenyewe ni ufunguo. Ufunguo wenyewe ni siri, unakaa ndani ya kidude kama flashi ya kompyuta, na kidude kikiharibika kuna maneno ishirini na manne ya Kizungu uliyoandika pembeni. Ukiyaingiza kwenye kidude kipya, ufunguo unarudi ulivyokuwa. Ukipoteza kidude na maneno, basi. Hakuna ofisi ya kwenda kulia.

Fundi aliyewatengenezea aliwashauri vizuri, hilo nalisema maana chai yake niliipeleka mimi. Alisema, na sauti yake ilikuwa ya puani, "Wazee, tuweke funguo tatu, zozote mbili zifungue. Wa tatu akae kwa wakili au kwenye sanduku la benki. Mmoja akipotea mnaendelea." Mpwa wangu akacheka. Akasema sisi ni wawili, punje ni mbili, hakuna buni yenye mtu wa tatu. Mwenzake akatikisa kichwa kile kizito, aah, waitu, ni kweli. Basi wakawekewa sanduku la humo humo kwenye kompyuta, la funguo mbili, na lazima zote mbili zikubali ndipo pesa itoke. Fundi akauliza kama angalau kila mmoja ataweka nakala ya maneno ya mwenzake. Wakamwangalia kama amekojoa sebuleni.

Kukawa hivyo. Pesa iliingia, ikakaa, wakasema inapanda, haiguswi. Mmoja akaweka kidude chake Rwamishenye, mwingine akapeleka chake Kagoma.

Halafu nyumba ya yule wa Kagoma ikaungua. Ilikuwa mchana, mke wake yuko shambani, jiko la mkaa likashika pazia. Ghala la vanila lilikuwa mbali kidogo, halikuguswa. Tulikwenda wote. Mimi nilibeba ndizi mkungu mmoja na maneno mengi. Tulimkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, suruali ina majivu, mdomo umefungwa. Mpwa wangu alishuka na lori la bati mpya, akasimama mbele ya watu wote, kidevu juu, akasema: "Ndugu yangu, mimi sikuulizi kilichoungua. Sitakuuliza kamwe. Bati hizo hapo."

Watu walisifu sana. Wengine walilia. Mimi mwenyewe usiku ule niliigiza Kanazi, wakaniomba nirudie. Yule mnene naye alilia, akamshika mkono, akasema aah, ndugu yangu, aah. Hakusema lingine.

Baada ya hapo mambo yakakaza. Kampuni ilikuwa na mkopo, na mpwa wangu alikuwa ameweka rehani kibanja cha kaka yangu, kile cha Kanazi, kahawa na ndizi na nyumba na kila kitu. Benki ikasema tutawaongezea pesa ya msimu, na ule wa zamani tutausogeza mbele, ila tuletee hesabu zilizokaguliwa na mtu wa kueleweka. Mkikosa, tunachukua kibanja. Mpwa wangu hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alisema pesa iliyolala kwenye lile sanduku inatosha kulipa benki na kubaki. Wakiiona tu, wataniletea soda.

Wakaja kukaguliwa. Mkaguzi alitoka Mwanza, mwanamke kijana, mwembamba, viatu bapa. Nilitegemea mtu wa kelele. Huyu alikuwa anaongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. "Shikamoo bibi. Naomba maji tu, asante." Nikamwambia Mhaya akikupa ndizi na senene halafu ukaomba maji, amekuhesabu kwa wagonjwa. Akatabasamu, akanywa maji. Nilimchukia siku ya kwanza. Siku ya pili nikaanza kumpenda, kwa sababu nilimwona anamnyonga mpwa wangu taratibu na yule hajui kama ananyongwa.

Alianza na zile kidogo. Kulikuwa na sehemu ndogo ya pesa haikuwa kwenye sanduku, ilikuwa imewekwa kwa kampuni moja ya nje inayotunza na kubadilisha hizo pesa. Mpwa wangu akamletea picha ya simu imechapwa kwa rangi. Yeye akaisukuma pembeni kwa kidole. Akasema, kwa ile sauti ya mtoto amelala, kwamba picha inaweza kutengenezwa na yeyote, yeye atawaandikia wenyewe wanaotunza na jibu litakuja kwake moja kwa moja. Na halafu akauliza, "Hii akaunti ni ya nani?"

"Ya kampuni," mpwa wangu akasema.

"Jina ni lako."

Akaeleza, kidevu juu, kwamba walipofungua ilikuwa rahisi kwa jina la mtu kuliko la kampuni, kila mtu anajua. Mkaguzi akamuuliza ukifa leo, nani atakwenda kuzidai, kampuni au mke wako? Mke wake alikuwa anapita na ndoo. Alisimama. Nilimwona anasikiliza vizuri sana yule, kuliko anavyosikiliza mahubiri. Mkaguzi akataka mkataba unaoonyesha kwamba anazishika kwa niaba ya kampuni, akataka kuona ankara za vanila zilizoleta hizo pesa. Mkataba haukuwepo siku hiyo, ila ankara zilikuwepo na kikao cha wakurugenzi kilikuwa kimeandikwa. Jibu la kule nje lilipokuja likakubaliana. Hizo akazipokea.

Halafu bei. Mpwa wangu alikuwa ameandika ile pesa yote kwa bei ya siku moja aliyokuwa na furaha sana, siku ile alituchinjia mbuzi. Mkaguzi akauliza hesabu za kampuni zinafungwa siku gani. Akaambiwa. Akafungua soko lile kubwa ambako pesa hizo huuzwa, akaangalia bei ya siku ile ya kufunga, akageuza kuwa shilingi. Ikawa chini, chini kabisa ya mbuzi.

Mpwa wangu akasema lakini sasa hivi imepanda tena, angalia mwenyewe. Akajibiwa:

"Bei ni ya siku ya kufunga, sio ya siku uliyofurahi."

Nilikwenda jikoni kucheka. Hiyo sauti ninayo mpaka leo, nikiwa na mtu anayejisifu namletea. Mpwa wangu alikunja uso lakini akahesabu tena, akaona hata kwa bei hiyo ya chini bado benki italipwa na kibanja kitapona. Akarudisha kidevu mahali pake.

Ndipo wakafika kwenye sanduku.

Anwani ya sanduku, ile namba ya kuliangalia kwenye daftari, walimpa. Yeye hakutumia kompyuta yao, alifungua yake mwenyewe, akaangalia lile daftari la dunia, akaziona. Zipo, zimelala, hazijasogea tangu zilipoingia. Mpwa wangu akanyoosha miguu chini ya meza. Akasema basi umeona, tumalize. Yule mwanamke akasema kuona hata yeye anaona, na hata mtu wa China anaona. Kuona sio kumiliki. Anayemiliki ni anayeweza kuzisogeza.

Kwa hiyo akaomba jambo dogo. Yeye atachagua kiasi kidogo sana, cha kununua nyanya, na yeye atachagua saa, na wao wawili wakiwa mbele yake watakituma kwenye anwani nyingine ya kampuni. Kikifika, atajua funguo zote mbili ziko hai na ziko mikononi mwao. Alisema hata hivyo haitathibitisha kwamba hakuna mtu mwingine mwenye nakala, hilo ataliandika pembeni, lakini bila jaribio hilo hawezi kuandika kwamba ni mali ya kampuni.

Mpwa wangu alipiga simu Kagoma kama mtu anayeita kuku. "Ndugu, njoo na kidude, dakika tano tu." Aliweka sauti ya nje, na nilimsikia yule akisema aah, waitu, umeme umekatika huku. Mpwa wangu akasema kidude hakihitaji umeme wa huko, huku upo. Aah, waitu, ni kweli.

Hakuja. Kesho yake gari bovu. Kesho kutwa mvua Muleba. Halafu mke wake ameondoka na funguo za kabati, amekwenda kwao. Mimi kila simu ikikatwa nilikuwa naigiza hapo hapo, na kiazi changu mdomoni, aah, waitu, kabati, aah, limepanda basi limekwenda Biharamulo. Mpwa wangu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Mkaguzi hakucheka. Alikuwa anaandika saa ya kila simu. Nilipomuuliza kwa nini haendi kwao Mwanza, akasema anasubiri, kusubiri nako ni kazi. Mpwa wangu, kumchangamsha, akamletea vanila nzuri, nyeusi, inang'aa mafuta, imefungwa kwa uzi mwekundu. Akairudisha mezani bila kuinusa. Mimi niliichukua.

Mwisho yule mnene akaja. Shati jeupe, viatu vimepakwa rangi, jasho limeshuka mpaka mkandani. Alinisalimu haraka, na hapo nikajua kuna kitu, maana yule hajawahi kunisalimu haraka maishani mwake. Akaweka kidude mezani. Kilikuwa kinang'aa kama jino la bandia.

Wakakaa. Nilikaa na mimi mlangoni na sinia yangu, hakuna aliyenifukuza. Mkaguzi akataja kiasi. Mpwa wangu akachomeka chake kwanza, akabonyeza, kikakubali. Akamsogezea mwenzake kompyuta. Yule akachomeka chake. Kompyuta ikasema kidude hiki si kimojawapo cha funguo za sanduku hili.

Akachomoa, akakipangusa kwenye suruali, akachomeka tena. Ikasema vile vile. Akakipuliza. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anapuliza kidude kama anayewasha moto wa kuni mbichi. Nilishindwa, nikapuliza na mimi pale mlangoni, puu, puu. Mpwa wangu akacheka. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokumbuka.

Mkaguzi akauliza, polepole, "Hiki kidude umekinunua lini?"

Yule akachomoa kidude, akakishika kiganjani.

Mkaguzi akasema sio tatizo kikiwa kipya. Kipya kinafaa kabisa, aingize tu yale maneno yake ishirini na manne, ufunguo utarudi, atasubiri nje wakati anaingiza kwa sababu hata yeye hatakiwi kuyaona. Akasimama kabisa atoke. Alikuwa anamfungulia mlango. Yule mnene akaushika mkono wa kiti chake kama mtoto anayeachwa shuleni.

"Yaliungua," akasema.

Safari hii bila aah, bila waitu. Sauti safi kabisa. Sikujua kama anayo.

Kidude na karatasi vilikuwa kwenye kopo moja, chini ya kitanda kimoja. Vyote viliungua siku ile ya pazia. Alikumbuka neno la kwanza na mengine machache, na hayo nayo hakujua yanafuatana vipi. Fundi alipigiwa simu hapo hapo, akasema kwa pua yake kwamba kwa maneno machache hivyo hata kompyuta za dunia nzima zikikesha haziwezi, na akakumbusha, mshenzi yule, kwamba yeye alisema tatu.

Mpwa wangu akamuuliza mkaguzi kama kuna mtu amezichukua. Nilimwona anavyouliza, alikuwa anatamani jibu liwe ndiyo. Mkaguzi akageuza kompyuta, akamwonyesha. Hazijasogea. Zote zipo.

"Afadhali ungeniibia," akamwambia mwenzake. "Mwizi anadaiwa."

"Ulisema hutaniuliza."

"Nilisema kwa ajili ya watu."

"Mimi nilidhani ulisema kwa ajili yangu."

Mkaguzi alikuwa ameangalia mikono yake. Mimi niliondoka na sinia kwa sababu chai ilikuwa imepoa na hakuna aliyeinywa.

Baada ya hapo mpwa wangu alimbembeleza yule mwanamke kwa siku nzima. Aandike tu kwamba zipo, si zipo kweli, si ameziona kwa macho yake? Aandike kwa nusu ya bei. Aandike kwamba labda teknolojia itakuja. Yeye akajibu kila mara kwa ile sauti ya mtoto amelala, wala hakuipandisha hata kidogo, na hilo ndilo liliuma. Akasema mali ya kampuni ni kitu kinachoweza kuiletea faida na kampuni ikakiamulia. Hiki hawawezi kukiuza, hawawezi kukitoa, hawawezi hata kukitupa. Thamani yake kwenye hesabu ni sifuri, na hasara ni ya mwaka ule wa moto, sio ya mwaka huu, maana ndipo ufunguo ulipopotea. Kwa hiyo hata mizania ya nyuma waliyoipeleka benki ilikuwa na uongo ndani yake, na lazima isahihishwe. Alipotamka hilo, mpwa wangu alikwenda chooni akakaa muda mrefu.

Zikabaki zile kidogo zilizokuwa kwa jina lake. Hizo zilikuwa halali, zikauzwa. Zilitosha kumlipa mkaguzi. Nauli yake ya kurudi Mwanza alijilipia mwenyewe. Aliniaga vizuri, shikamoo bibi, na mimi nikamjibu kwa sauti yake yeye mwenyewe, marahaba mjukuu, naomba maji tu, asante. Hapo ndipo alicheka mara ya kwanza, na nadhani kicheko kilimtoroka.

Benki haikupiga kelele. Ilituma kijana wa tai akapima kibanja.

Lakini kabla ya hapo wakulima ilibidi waambiwe. Vanila yao ilikuwa ghalani Kagoma, imepokelewa kwa ahadi kwamba watalipwa msimu ukifunguliwa. Mpwa wangu angeweza kwenda kuwaambia mwenyewe, au wangekwenda wote wawili. Hakutaka. Alisema wewe ni mkurugenzi, umesaini na mimi, ripoti ya mkaguzi utaisoma wewe. Yule mnene akaomba wazungumze pembeni, ndugu kwa ndugu. Mpwa wangu akasema mbele ya mke wake na mbele yangu mimi kwamba ndugu yake alikufa kwenye moto, huyu hamjui.

Tulikwenda na gari la kampuni, mara yake ya mwisho kuwa la kampuni. Watu walijaa mbele ya ghala, wamekaa kwenye nyasi, harufu ya vanila inakupanda kichwani mpaka unataka kutapika. Yule mnene akasimama na karatasi za mkaguzi. Alisoma vibaya, kila mstari unamkwama. Alisoma mpaka pale panaposema kwamba ufunguo mmoja ulipotea katika moto na menejimenti haikutoa taarifa, na akarudia hilo neno menejimenti, kama anatafuta ni nani.

Mzee mmoja wa mbele, hana meno, akauliza, na hii naipenda kuigiza kwa sababu lazima uvute midomo ndani: "Fafa fifo wafi?" Sasa ziko wapi.

"Zipo," akasema.

"Si uzitoe."

"Haziwezi kutoka."

"Nani kazifungia?"

Akageuka nyuma. Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni. Angeweza kusema ni sisi. Punje mbili, funguo mbili, fundi alikataliwa na wote wawili, na aliyetangaza mbele ya watu kwamba hataulizwa mtu ni yeye na kidevu chake. Nilimwangalia. Akaangalia mawingu ya ziwani.

"Mimi," yule mnene akasema.

Watu wakacheka. Sio wote, ila walicheka, kicheko kile cha mtu aliyetapeliwa na bado hajaamini. Mwanamke mmoja akamwita mlinzi wa hewa. Wakasimama wakadai vanila yao warudishiwe, wakauze kwa wengine, na mnunuzi mwingine alikuwa ameshaleta gari lake nyuma ya kanisa, anasubiri kama mbwa wa bucha. Mizani ilikuwa ya yule mnene, yeye ndiye aliyejua kuitumia. Basi akawapimia. Alitoa mafungu yote moja moja, akaweka kwenye mizani, akasoma kilo kwa sauti, akampa mwenyewe. Kwa sababu vanila ikikauka inapungua sana, kila mtu alipata kidogo kuliko alivyoleta, na kila mtu akamtukana kwa hilo pia, na yeye akawa anawaeleza, aah, waitu, inapungua, ni maji yametoka, ni kawaida. Alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyemsikiliza. Mpwa wangu angeweza kusema neno moja wakamwamini, maana yeye ndiye waliyemheshimu. Alikuwa kwenye gari amefunga kioo.

Ghala lilipokuwa tupu yule akafagia. Akafagia mpaka nje.

Kibanja cha Kanazi kilinunuliwa na mtu wa Karagwe mwenye ng'ombe. Ofisi ya Rwamishenye sasa ni saluni, sisi tumebaki vyumba vya nyuma, kwa kodi. Mpwa wangu anauza vocha na kutuma watu pesa kwa simu. Asubuhi akiamka, kabla ya kunawa, anaifungua ile anwani. Mimi namuuliza, kwa sauti ya mkaguzi, "Imepanda?" Ananijibu imepanda. Kweli imepanda, sasa imepita hata ile ya mbuzi. Mke wake amemwambia aifute kwenye simu, akasema kuifuta ni kusahau anwani tu, yenyewe haifutiki.

Yule mnene amehamia mjini naye, anapima samaki sokoni, wakubwa na wadogo, kwa mizani ile ile ya vanila. Hapo ndipo wanapokutana, maana Bukoba ni ndogo na samaki kila mtu anakula. Wiki iliyopita nilikuwa huko na mpwa wangu, nimeshika fimbo yangu. Yule alipotuona aliacha mizani, akafuta mikono, akaanza, aah, ndugu yangu, aah, shangazi, kampile waitu.

Mpwa wangu alinyanyua kidevu. Nilidhani hatajibu. Lakini alijibu, kwa upole kabisa, kama unavyomjibu mteja wa benki.

"Habari yako, mkurugenzi. Sato ni bei gani?"

Yule akamtajia. Mpwa wangu akasema ni ghali, akaenda meza ya pili. Mimi nilibaki kidogo, kwa sababu sato wake walikuwa wazuri, nikanunua wawili, akanipimia, akaniongezea mdogo mmoja juu bila kusema. Nilipofika nyumbani nilimwigiza yule mnene jinsi alivyokunja karatasi ya samaki na midomo ikitetemeka. Niliigiza vizuri, mke wa mpwa wangu alicheka akashika ukuta. Mpwa wangu akala samaki wake, akatoa miiba, akaipanga pembeni ya sahani, akaniambia nirudie pale pa midomo.